Barua niliyoiandikia ofisi ya ununuzi baada ya kukosa tenda ya madawati

Siku zabuni zilipofunguliwa nilikaa safu ya pili na daftari mapajani, nikiandika kila bei iliyosomwa. Tulikuwa wanne. Bei yetu ilisomwa ya tatu: shilingi 1,116,000 kwa madawati 240, yaani 4,650 kila dawati. Aliyetufuata kwa karibu alikuwa na 1,228,800. Wengine wawili walikuwa juu zaidi. Nilitoka chumbani humo na tofauti ya shilingi 112,800 kichwani, nikaenda moja kwa moja karakana kumwambia kaka yangu aanze kuulizia bei za mbao.

Kaka yangu ndiye fundi. Karakana ni yake, hapa Langoni, na mkono wake unajulikana Amu nzima, yaani Lamu. Mimi ndiye mwenye makaratasi: vibali, kodi, benki, na tenda. Kwa hiyo wiki tatu baadaye barua ilipoingia kwenye simu yangu ikisema zabuni yetu haikufaulu, sikuwa na wa kumtupia lawama ndani ya nyumba. Barua ilikuwa na sentensi nne. Ilimtaja mshindi, yule wa 1,228,800, na kuhusu sisi ilisema tu kwamba zabuni yetu "haikukidhi masharti katika hatua ya tathmini ya awali". Sharti lipi, haikusema.

Usiku ule ule niliandika barua pepe ya kwanza. Sitaiweka yote hapa. Ilianza kwa kusema tumeshangazwa, ikaeleza kwamba bei yetu ilikuwa ya chini kuliko zote na kila aliyekuwepo alisikia, ikauliza fedha za umma zinalindwa vipi namna hii, na ikamalizia kwa kuomba nakala ya zabuni ya mshindi ili tujionee wenyewe. Asubuhi nilipata jibu la mstari mmoja: barua yenu imepokelewa na imepelekwa kwa mwanasheria. Baada ya hapo, kimya.

Mjomba wangu alifanya kazi ya ununuzi katika shirika moja la umma Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Mkomani. Nilimkuta barazani baada ya Alasiri. Nilimwamkia, nikampa simu asome barua zote mbili, ya ofisi na yangu. Alisoma yangu mara mbili.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe hapa unataka kazi hii, au unataka kazi ijayo?"

Nikamwambia nataka zote mbili.

"Basi ni barua mbili. Umezitia katika moja, ndiyo maana hukupata hata moja."

Alichonifahamisha jioni ile ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu nimeona ndugu wengi wenye karakana, boti na maduka hapa kwetu wakianguka palipoangukia barua yangu ya kwanza.

Sheria ya Kenya ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inaitaka ofisi, ikishamjulisha mshindi, iwajulishe na walioshindwa pia kwa maandishi, iwatajie mshindi na iwape sababu. Hilo limo katika kifungu cha 87. Kanuni za 2020 zinafafanua zaidi katika kanuni ya 82: barua ieleze kwa nini wewe hukufaulu, nani amefaulu, kwa bei gani, na kwa nini yeye. Kwa hiyo sababu ni haki yako. Huiombi kama hisani.

Tangu unapojulishwa, una siku 14 za kupeleka ombi la mapitio kwenye Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, kwa kifungu cha 167. Ofisi nayo hairuhusiwi kutia saini mkataba na mshindi kabla ya siku hizo 14 kupita. Sasa jiweke kwenye kiti cha afisa wa ununuzi. Ndani ya siku hizo 14, kila neno analokuandikia linaweza kuwa kielelezo mbele ya Bodi. Ukimwuliza "tungefanya nini vizuri zaidi?" akakujibu kwa moyo mweupe kwamba karibu mpite, maneno hayo yatarudi kwake yakiwa yamekunjwa ndani ya hati ya kiapo. Atakujibu nini? Atakujibu lile ambalo sheria inamlazimisha, au atampa mwanasheria. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ikinukia kesi kutoka mstari wa kwanza, na yeye akaipokea kama kesi.

Kwa hiyo mjomba akanipa utaratibu. Ndani ya siku 14, andika barua fupi inayoomba sababu mahsusi tu, kwa vifungu vyake. Ukishaipata, amua upesi kama una malalamiko ya haki. Siku 14 zikipita na ukawa umeamua kutokwenda kwenye Bodi, ndipo uandike barua ya pili, ya kuomba mafunzo, wakati afisa anaweza kuongea bila hofu. Akasisitiza jambo moja ambalo mimi sikulijua: kuandika barua ya kuuliza hakuongezi hata siku moja katika zile 14. Ukiketi kungoja majibu ya upole hadi siku ya 15, mlango wa Bodi umefungwa.

Tulikuwa siku ya tatu. Hii ndiyo barua tuliyoiandika pamoja pale barazani. Niliituma kwa Kiingereza kwa sababu hati za tenda zote ziko kwa Kiingereza, lakini maneno yake ni haya, nimeondoa nambari na tarehe tu:

"Kwa Afisa Mhasibu. Nakala kwa Mkuu wa Ununuzi.

Mada: Zabuni ya madawati 240. Ombi la sababu mahsusi na muhtasari wa tathmini.

Tumepokea barua yenu kwamba zabuni yetu haikufaulu. Barua inasema hatukukidhi masharti katika tathmini ya awali, lakini haikutaja sharti lenyewe. Kwa kuzingatia kifungu cha 87(3) cha Sheria na kanuni ya 82 ya Kanuni za 2020, tunaomba mtujulishe:

Kwanza, ni sharti lipi au yapi katika tathmini ya awali ambayo hatukuyatimiza, na ni kurasa gani za zabuni yetu zilizo na upungufu huo.

Pili, kama zabuni yetu ilifika tathmini ya kiufundi, na ikiwa ilifika, ni kigezo kipi kilichotushinda.

Tatu, muhtasari wa tathmini na ulinganisho wa zabuni, kama ulivyotajwa katika kifungu cha 68(2)(d)(iii).

Hatuombi hati wala bei za ndani za mzabuni mwingine yeyote. Barua yetu ya awali tunaiondoa. Tutashukuru kupata majibu kabla ya Ijumaa."

Ninataka kuieleza kidogo, kwa sababu kila mstari uliwekwa kwa sababu yake.

Inakwenda kwa afisa mhasibu kwa kuwa yeye ndiye mwenye wajibu kisheria. Mkuu wa ununuzi anapata nakala kwa kuwa yeye ndiye atakayeandaa jibu. Ukimwandikia karani unayemjua, umemtia mtu mashakani na hujapata jibu la ofisi. Inauliza kurasa kwa kuwa neno "masharti" ni pana kama bahari, ila ukurasa ni ukurasa. Afisa akishalazimika kufungua faili na kutafuta ukurasa, hawezi tena kukujibu kwa maneno ya jumla. Ombi la muhtasari lina kifungu chake kwa kuwa kifungu cha 67 kinawakataza maafisa kutoa siri za tathmini na za wazabuni wengine, na muhtasari ndicho kitu pekee ambacho kifungu hicho hicho kinaruhusu apewe mwenye kuomba mapitio. Nilipoomba nakala ya zabuni ya mshindi katika barua ya kwanza nilimwomba afisa avunje sheria, na nikampa sababu nzuri ya kutonijibu chochote. Na ile sentensi ya kuiondoa barua ya awali mjomba aliitia kwa mkono wake.

Bei yetu haikutajwa popote. Hilo liliniuma, maana kwangu mimi bei ndiyo ilikuwa hoja. Mjomba akanieleza jinsi tathmini inavyokwenda. Hatua ya kwanza ni ya kupita au kutopita: karatasi zote zipo, zimetiwa saini, zimefuata maagizo. Ukipita hapo unaingia kwenye ufundi. Ukipita ufundi ndipo bei yako inawekwa mezani na kulinganishwa. Aliyekwama hatua ya kwanza bei yake ilisomwa hadharani siku ya kufungua, lakini kamati haikuilinganisha na ya mtu. Kwa kamati, ile 1,116,000 haikuwahi kushindana na 1,228,800.

Jibu lilikuja siku ya saba. Safari hii lilikuwa la ukurasa mmoja na lilikuwa wazi kabisa. Hati ya zabuni ilitaka kurasa zote zipewe nambari kwa mfululizo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na viambatisho. Zetu zilikuwa na nambari hadi 40, kisha karatasi sita hazikuwa nazo, kisha nambari zikaendelea 41 hadi mwisho. Zabuni haikuendelea hatua ya kiufundi.

Nilijua karatasi hizo sita mara nilipoliona jibu. Zilikuwa taarifa za benki. Zilichelewa, nikazipokea asubuhi ya mwisho, nikazichomeka mahali pake baada ya kazi yote kuwa imeshapigwa nambari, nikaipeleka kufungwa. Nilifikiri cha maana ni kuwa zipo.

Wengi wakisikia kisa hiki husema ni uonevu, mtu hawezi kunyimwa kazi ya milioni kwa nambari za kurasa. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini sharti la nambari za kurasa limo ndani ya sheria yenyewe, kifungu cha 74, na lina maana: karatasi isiyo na nambari inaweza kuchomolewa au kuchomekwa baada ya sanduku kufunguliwa, na hakuna atakayejua. Linamlinda mzabuni kwanza. Nilipoliona kwa jicho hilo, hasira ilipoa, na siku saba zilizobaki za kwenda kwenye Bodi niliziacha zipite kwa kujua. Hatukuwa na kesi.

Ningekuwa na kesi lini? Mjomba alinipa alama za kutazama. Kama sababu inabadilika kutoka barua moja hadi nyingine. Kama umeangushwa kwa kigezo ambacho hakimo katika hati ya zabuni, kwa kuwa kamati hairuhusiwi kupima kwa kipimo ambacho hawakukitangaza. Kama muhtasari unaonyesha mshindi ana upungufu ule ule uliokuangusha wewe na yeye akapitishwa. Ukiona mojawapo ya haya, achana na barua za kuomba mafunzo, tafuta wakili upesi na uhesabu siku zako. Na ofisi ikinyamaza kabisa, kunyamaza kwenyewe kunaweza kuwa hoja mbele ya Bodi, mradi uende ndani ya siku 14.

Basi nikadhani somo nimelipata: piga nambari kurasa zote, mwisho. Mjomba akatikisa kichwa. Akaniuliza, chombo kikipandishwa pwani kwa sababu kinavuja, fundi akaona tundu moja, huziba hilo moja na kukirudisha majini? Nikamwambia hapana, hukikagua ubao kwa ubao, akakikalafati chote. "Basi wao wamekuonyesha tundu la kwanza tu," akasema. "Walipoliona waliacha kutazama. Lililo nyuma yake hulijui, wala wao hawalijui."

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote katika makala haya. Jibu la ofisi, hata likiwa la kweli na la wazi, linaishia pale tathmini yako ilipoishia. Aliyeanguka hatua ya awali hana alama za ufundi za kuonyeshwa, kwa kuwa hazikuwahi kuandikwa. Akiziba tundu moja na kurudi, anaweza kuangushwa tena mara tatu, kila mara kwa sababu mpya, na aanze kuamini anaandamwa.

Kwa hiyo tulijipima wenyewe. Tulichukua nakala yetu ya zabuni na vigezo vya tathmini vilivyoko ndani ya hati ile ile, tukakaa barazani jioni mbili, mjomba akiwa ndiye kamati. Alikuwa mkali. Kila kigezo aliniuliza, "Ukurasa?" Nikimweleza kwa mdomo hakunisikiliza, anataka ukurasa.

Kigezo cha uzoefu kilitaka ushahidi wa kazi mbili za namna hiyo katika miaka mitatu. Tulikuwa nazo, tena zaidi ya mbili. Mimi niliweka picha: madawati yamepangwa, rangi inang'aa, kaka yangu amesimama kando. Mjomba akaniuliza picha hii inasema nani ameagiza, lini, na amepokea mangapi. Haikusema. Kilichotakiwa ni oda ya kununulia, ile watu huita LPO, pamoja na hati ya kupokelea iliyopigwa muhuri na shule. Zote mbili tulikuwa nazo nyumbani, ndani ya kasha.

Lakini lililonitia baridi lilikuwa kwenye bei. Baadhi ya shule katika orodha ya kupelekewa madawati zilikuwa kisiwani Pate, upande wa Faza na Kizingitini. Madawati huko huenda kwa boti, na boti yenye mzigo hungoja maji yajae ipite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari. Nilikuwa nimehesabu usafirishaji shilingi 78,000 na nikauandika katika jedwali la bei, mstari wa peke yake chini kabisa. Ila kwenye fomu ya zabuni, ile yenye saini, nilihamisha jumla ya madawati tu: 240 mara 4,650, ni 1,116,000. Zile 78,000 zilibaki kwenye jedwali.

Kifungu cha 82 kinasema jumla iliyoko kwenye fomu ya zabuni ndiyo ya mwisho. Hairekebishwi, haiongezwi, haibadilishwi na mtu yeyote. Mjomba akaniandikia hesabu kwenye gazeti: tungeshinda, tungelipwa 1,116,000, na boti tungelipa wenyewe. Faida tuliyokuwa tumeipangia kazi ile ilikuwa kama 90,000. Tungebaki na 12,000 kwa miezi miwili ya kaka yangu na vijana wanne. Na cha kusikitisha zaidi, hatukuwa na haja ya kuificha gharama hiyo. 1,116,000 na 78,000 ni 1,194,000, na bado tungekuwa chini ya mshindi kwa 34,800.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimelilia kazi ambayo karibu isingetuachia kitu.

Siku ya 20 niliandika barua ya pili, ile ya mafunzo. Hii ilikuwa fupi zaidi na ya namna nyingine:

"Barua hii haina malalamiko. Muda wa kuomba mapitio umekwisha na hatukuutumia, kwa kuwa tumeridhika na sababu mliyotupa. Tunajiandaa kwa zabuni zijazo. Kwa kuwa tuliishia hatua ya awali, tumejipima wenyewe kwa vigezo vyenu na tumeona mapungufu mawili zaidi: tuliweka picha badala ya oda na hati za kupokelea, na hatukujumlisha usafirishaji katika fomu ya zabuni. Tunaomba kujua, je, tumevisoma vigezo hivi sawasawa? Na ni kosa gani mnaloliona mara kwa mara katika zabuni za karakana ndogo kama yetu? Mkipendelea kujibu ana kwa ana, tunaweza kufika ofisini siku yoyote mtakayotupangia."

Swali la kwanza linajibika kwa ndiyo au hapana, na halimtaki afisa aseme chochote kuhusu kamati. La pili linahusu zabuni za watu wengi, kwa hiyo anaweza kusema ukweli bila kugusa faili la mtu. Ningeuliza "tuboreshe nini?" ningepata jibu la kila siku, someni hati vizuri. Mtu aliyekuja na kazi yake amekwisha kuifanya nusu ni rahisi kumsaidia.

Nilialikwa ofisini wiki iliyofuata, kwa barua, saa nne asubuhi, na maafisa walikuwa wawili. Ninalitaja hili kwa makusudi. Mji wetu ni mdogo. Katika ofisi yoyote hapa utamkuta binamu, jirani au mwanafunzi mwenzako wa madrasa, na habari ya tenda unaweza kuipata kwenye kahawa kabla barua haijaandikwa. Usiitafute huko. Kabla ya matokeo, kifungu cha 65 kinamkataza mzabuni kuwasiliana na ofisi kwa namna inayoweza kuonekana kama kushawishi tathmini, na swali la "imefika wapi?" kwa binamu linaweza kuonekana hivyo vizuri sana. Baada ya matokeo, unayoambiwa kwenye kahawa huwezi kuyatumia popote, na aliyekuambia amehatarisha mkate wa watoto wake. Mimi niliambiwa mambo mawili ya barazani kuhusu tenda ile, na yote mawili yalikuwa ya uongo. Moja lilisema mshindi ni shemeji ya mkubwa fulani. Lingine lilisema bei yetu ilikataliwa kwa kuwa chini mno. Jibu la maandishi lilikuwa karatasi sita za benki.

Mazungumzo yale yalichukua kama dakika 20. Walisema tumevisoma vigezo sawasawa. Kisha afisa mmoja akafungua hati tupu ya zabuni nyingine na kunionyesha kosa wanaloliona kila mara. Katika jedwali la sifa za bidhaa kuna safu ya kulia ambapo mzabuni anaeleza atakacholeta. Karibu kila karakana ndogo huandika neno moja kutoka juu hadi chini: tunatimiza. Mimi pia niliandika hivyo. Kama hati imesema fremu iwe ya chuma cha mraba cha milimita 25 chenye unene wa milimita 1.5, safu ya kulia itaje chuma utakachotumia wewe, upana na unene wake, na jinsi kitakavyopakwa rangi ya kuzuia kutu. Kamati haiwezi kupima neno "tunatimiza". Mwenye chuma chembamba naye ameliandika.

Nilimwuliza kama kaka yangu, aliyezaliwa na hewa hii ya chumvi na anayejua fremu zinavyoliwa na kutu baada ya misimu miwili, anaweza kueleza hapo kwamba hupaka koti mbili za rangi ya chini kabla ya rangi ya juu. Akasema hicho ndicho anachotamani kukisoma na hakioni. Hilo lilinigusa. Mambo yote ambayo kaka yangu anayajua mikononi mwake, mimi niliyafuta kwa neno moja lililorudiwa mara kumi na nne.

Si kila ofisi itakualika. Nimeandika barua kama hizi tatu tangu wakati ule na moja haijajibiwa hadi leo. Mwananchi akinyimwa taarifa anaweza kuiomba rasmi kwa Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi ndani ya siku 21. Nimeitumia mara moja, na muhtasari wa tathmini ulikuja. Kwa mazungumzo ya aina ile ya ofisini, hata hivyo, hakuna sheria inayomlazimisha mtu. Hayo hutoka kwa afisa anayetaka zabuni nzuri zaidi mezani mwake mwaka ujao.

Zabuni yetu iliyofuata ilikuwa ya vitanda vya bweni. Kaka yangu aliniamrisha nikae karakana siku nzima huku akitaja kwa sauti kila anachokifanya, na mimi nikiandika safu ya kulia. Oda na hati za kupokelea zilitoka kwenye kasha. Usafirishaji niliugawa ndani ya bei ya kila kitanda, ukaingia kwenye jumla ya fomu. Nambari za kurasa niliziandika mwisho kabisa, baada ya kila karatasi kuwa mahali pake, kisha mjomba akazihesabu upya kwa kidole: 71.

Tulikosa tena. Barua ilisema tulipita hatua ya awali, tukapita ya kiufundi, na kwa bei tukawa wa pili, tukizidiwa kwa shilingi 21,500. Niliisoma karakana kwa sauti. Kaka yangu aliweka randa chini, akaniuliza 21,500 kwa vitanda vingapi. Nikamwambia 60. Akakaa kimya akihesabu, kisha akasema mbao za chagoni tunazinunua kwa mtu wa tatu, na yeye anamjua wa kwanza.

Nikafungua simu, nikaandika tarehe ya barua kwenye daftari, nikahesabu siku 14.